Kabla Hujamuuliza Mtu Habari za Msiba Wake

Msomaji wangu mpendwa, majuma machache yaliyopita nilikuwa nimesimama langoni kwangu hapa Elgon View nikingoja mvua ya alasiri ipungue ili niende dukani. Mama mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya jirani alinijia chini ya mwavuli wake. Tumejuana kwa miaka mingi, na si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alinisalimu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kuulizwa na mtu yeyote: "Mama, mtu akishayatoa maneno, yanaweza kurudishwa?"

Kwanza nilidhani ameshikana na mtu sokoni. Kumbe lilikuwa jambo jingine kabisa. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amehojiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu kuhusu yale yaliyompata Januari 2008. Tangu siku hiyo hakuwa amepata usingizi. Alikuwa amesema habari ya mtoto wake ambayo hata dada yake wa tumbo moja hajawahi kumweleza, na sasa habari hiyo ilikuwa ndani ya simu ya kijana ambaye hakujua anakoishi.

Habari hii naiandika kwa ruhusa ya mama huyo na ya kijana mwenyewe. Nilimsomea mama makala yote jikoni kwangu kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, naye akaniambia niondoe sentensi mbili. Nimeziondoa. Vilevile nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Nakueleza haya mapema kwa sababu ndiyo mada yetu ya leo: namna ya kumhoji mtu aliyepatwa na msiba, na jinsi ya kuhakikisha kwamba anaweza kusema "basi, nimeacha" bila ya kuumia.

Sisi wa Eldoret tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliingia katika ghasia ambazo Tume ya Jaji Waki ilisema ziliua watu 1,133. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, kilomita chache tu kutoka hapa mjini, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, wakilala ndani ya mahema.

Kisha wakaja wenye kuuliza. Walikuja waandishi wa habari, mashirika ya haki za binadamu, na Tume ya Waki yenyewe mwaka huo wa 2008. Wakaja wachunguzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Hague. Ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo hadi ilipotoa ripoti yake Mei 2013 ilikuwa imekusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kila pembe ya Kenya. Tume hiyo ilifanya jambo moja la busara: iliandaa vikao vya wanawake peke yao, kwa kuwa ilitambua kwamba yapo mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele ya wanaume. Na baada ya hao wote wakaja wanafunzi, na wanaendelea kuja hata leo. Yuko mtu katika mji huu ambaye amesimulia kifo cha mumewe mara sita kwa watu sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwonyesha alichoandika.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kijana aliyemhoji si mtu mbaya. Alikuwa na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na barua ya kamati ya maadili ya utafiti. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu jinsi wakimbizi wa ndani walivyoanza maisha upya, jambo ambalo ni jema kulijua. Makosa yake yalikuwa ya namna ambayo mimi na wewe tungeyafanya vilevile, na ndiyo maana nataka tuyatazame moja baada ya jingine.

Nani aliyemwita?

Kijana huyo anafahamiana na mwajiri wa mama. Alipomweleza kuhusu utafiti wake, mwajiri alisema, "Huyu wa kwangu aliyaona yote kwa macho yake. Ngoja nikuitie." Mama aliitwa kutoka jikoni, akaambiwa, "Huyu ni kijana wetu, msaidie na masomo yake." Wakaketi sebuleni, chai ikaletwa, na mwajiri akaingia chumba cha pili ambako mlango ulibaki wazi.

Hebu jiweke katika nafasi yake, msomaji. Mshahara wako unatoka kwa mtu aliyekwambia usaidie. Nyumba unayolala ni yake. Mgeni ameshapewa chai, na katika malezi yetu mgeni hakatazwi. Utasema nini isipokuwa "sawa"? "Sawa" ile haikuwa ridhaa. Ilikuwa adabu na woga, vikichanganyika na heshima ya mfanyakazi kwa tajiri wake.

Njia iliyo bora haina gharama yoyote. Mtafiti angemwachia mwajiri karatasi yenye maelezo mafupi na namba yake ya simu, amwambie, "Mpe huyo mama, na tafadhali usimuulize kama amenipigia." Mama angeichukua, angelala nayo siku mbili tatu, na angepiga simu mwenyewe kama angependa. Kama hakupiga, basi jibu ni hapana, na mwajiri hajui chochote. Mahojiano yenyewe yangefanyika siku yake ya mapumziko, mahali anapochagua yeye. Hali ni hiyo hiyo kwa mchungaji anayewapeleka waumini wake, kwa mwalimu anayewaita wanafunzi, na kwa chifu anayekusanya watu wa kata yake. Aliye na mamlaka juu ya mtu anaweza kuonyesha njia, lakini asiwe ndiye anayebisha hodi.

Karatasi na maneno

Kijana alitoa fomu ya kurasa tatu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alimweleza kwa ufupi kwamba ni ya utafiti, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akatia. Ndani ya fomu hiyo kulikuwa na mstari uliosema kwamba mhojiwa anaweza kujiondoa wakati wowote. Mama hakuusoma, na hata angeusoma, mstari huo haukusema ajiondoe vipi.

Fomu hiyo ni ushahidi kwamba mazungumzo ya ridhaa yalifanyika. Ikiwa hayakufanyika, ni karatasi tupu. Mtafiti mzoefu huyaeleza mambo kwa mdomo, katika lugha anayoota nayo mhojiwa: mimi ni nani na nimetumwa na nani; nitakuuliza nini, hata yale maswali magumu; maneno yako yataandikwa wapi na nani atayasoma; hutapata faida gani, ili usidhani kwamba serikali itakulipa fidia kwa sababu umezungumza nami; na utaachaje ukitaka kuacha.

Baada ya hapo huja sehemu ambayo wengi huiruka. Mtafiti humwomba mhojiwa amweleze yeye alivyoelewa. "Mama, hebu niambie kwa maneno yako, ukichoka katikati utafanya nini?" Akijibu, "Nitavumilia tu mpaka umalize," basi hajaelewa, na lazima urudie. Akijibu, "Nitakwambia nimechoka, nawe utazima," hapo unaweza kuanza.

Lipo jambo la pesa pia. Kijana alimpa mama shilingi 500 mwishoni, kwa ajili ya kumpotezea wakati. Nia ilikuwa njema, lakini mama aliniambia kwamba alikuwa ameziona zikichungulia kwenye bahasha mezani tangu mwanzo, akafikiri kwamba akiinuka atazikosa. Fedha ya nauli au ya kufidia muda hutolewa mwanzoni kabla ya swali la kwanza, na mtu huambiwa waziwazi kwamba ni yake hata akiondoka baada ya dakika mbili.

Maziwa yaliyokuwa jikoni

Mahojiano yalichukua dakika 50. Katika dakika ya kumi na moja hivi, kijana aliuliza, "Siku hiyo ulipoteza nani?" Mama alinyamaza. Kisha akainuka, akasema anaenda kutazama maziwa asije yakamwagika. Aliporudi aliendelea kujibu, akamtaja mtoto na kilichompata, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alijibu kwa mkato, "ndiyo", "hapana", "ilikuwa hivyo", huku akitazama pembe ya meza. Kijana aliniambia baadaye kwamba alidhani mambo yamekwenda vizuri kwa kuwa mama hakulia.

Nilipomuuliza mama kuhusu maziwa, alicheka kidogo. "Hakukuwa na maziwa yoyote jikoni," akasema.

Msomaji, wengi wetu tunaamini kwamba machozi ndiyo dalili ya hatari. Mara nyingi si hivyo. Mtu anaweza kulia huku akitaka kuendelea, kwa sababu amepata pa kuutua mzigo. Mwulize tu, "Tupumzike, au ungependa kuendelea?" na umwache aamue, wala usimwambie "nyamaza". La kuogopewa zaidi ni pale mtu anapozimika akiwa macho. Majibu yanakuwa mafupi ghafla, macho yanaganda mahali pamoja, pumzi inakuwa ya juu juu, mikono inashika kitu na kukifinya. Wengine huanza kusimulia jambo la zamani kana kwamba linatokea sasa hivi: si "walikuja" bali "wanakuja". Na wengine huenda kutazama maziwa. Mtu wetu wa adabu hasemi "acha kuniuliza", bali hutafuta kazi ya kufanya.

Ukiona dalili hizo, zima kinasa sauti, na azione mkono wako ukizima. Usiulize swali jingine la msiba. Mrudishe mtu hapa alipo kwa mambo yanayoonekana: mpe maji, mtaje mvua inayonyesha, muulize kama kiti kinamfaa au angependa mkae nje. Baada ya muda mpe njia tatu zilizo sawa kwa uzito: tupumzike, tubadilishe mazungumzo, au tuishie hapa. Ile ya tatu itaje kwa sauti ile ile uliyotumia kwa nyingine, bila ya uso wa kusikitika, kwa maana watu wetu huusoma uso kabla ya kusikia maneno.

Wapo watafiti wanaokubaliana na mhojiwa juu ya ishara tangu mwanzo, kwa mfano kugeuza kikombe. Kikombe kikigeuzwa, swali hilo linarukwa na hakuna anayeuliza sababu. Ni afadhali pia kulijaribu mara moja kwa swali jepesi kabla ya kuanza, ili mtu aone kwa macho yake kwamba ishara inafanya kazi. Haki ambayo mtu hajaijaribu huwa vigumu kuikumbuka wakati koo limekauka.

Na yako maswali ambayo hayahitajiki kabisa. Utafiti wa kijana ulihusu namna watu walivyoanza maisha upya. Hakuhitaji kujua mtoto alikufa vipi. Aliuliza kwa sababu ilionekana ni lazima kuanzia hapo. Kabla ya kwenda kumhoji mtu, chukua orodha ya maswali yako, na mbele ya kila swali andika utalitumia wapi jibu lake. Swali lisilo na mahali pa kwenda lifute.

Kuyarudisha maneno

Sasa tufike kwenye swali la mama yetu. Je, maneno yanaweza kurudishwa?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema kwamba mtu aliyetoa ridhaa habari zake zitumiwe anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Inasema pia kwamba kuiondoa hakubatilishi yale yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, unaweza kumzuia mtafiti kuendelea kutumia maneno yako, lakini kama kitabu kimeshachapishwa na kusambazwa, hakuna wa kukikusanya. Ndiyo sababu mtafiti mwaminifu hasemi "wakati wowote" na kuishia hapo. Hutaja tarehe. Husema, "Nitaanza kuandika tarehe mosi Septemba. Kabla ya siku hiyo naweza kutoa kila kitu chako. Tasnifu ikishakabidhiwa chuoni, sitaweza tena."

Nilimsaidia mama kumpata kijana. Namba yake haikuwa kwenye karatasi yoyote aliyoachiwa. Tuliipata kwa kupitia mtu mwingine, maana mama hakutaka kumuuliza mwajiri wake. Nilipompigia, kijana alishtuka kweli, na kwa sifa yake hakujitetea. Nilimuuliza swali moja: "Sauti ya mama iko mahali pangapi?" Alisema ni simu tu. Nikamwomba afikirie tena. Baada ya saa moja alinipigia na kusema ni mahali pa nne: kwenye simu, kwenye kompyuta yake, kwa mpiga chapa aliyepewa kazi ya kuandika mahojiano yote, na katika daftari alimoandika muhtasari. Na katika daftari hilo jina la mama lilikuwa limeandikwa juu ya ukurasa.

Hapo ndipo ahadi nyingi za kujiondoa huvunjika. Mtafiti anakubali kwa moyo mweupe, lakini hajui nakala ziko wapi. Dawa yake ni ya kawaida, na huandaliwa kabla ya mahojiano ya kwanza. Kila mhojiwa hupewa namba, tuseme 07. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye sauti, kwenye maandishi na kwenye daftari. Orodha inayoonyesha kwamba 07 ni nani huwekwa mahali pengine, imefungwa. Na mtafiti huwa na karatasi moja inayoonyesha kila mahali nakala ya 07 ilipo. Siku 07 akisema anajiondoa, kazi ni ya dakika chache.

Mhojiwa naye hubaki na kadi ndogo ya Kiswahili yenye namba yake, simu ya mtafiti, simu ya kamati ya maadili ikiwa hataki kuzungumza na mtafiti, na tarehe ya mwisho. Aambiwe kwamba si lazima atoe sababu, na kwamba hahitaji salio: apige na kukata, atapigiwa. Mtu asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo, na aulizwe ni nani anayemwamini amtunzie kadi hiyo.

Juma lililofuata kijana alikuja kwangu, si kwa mwajiri, na mama akaja siku yake ya mapumziko. Hakuleta kinasa sauti. Aliomba radhi kama anavyoomba mtoto kwa mzazi, kisha akamweleza mama kwamba anaweza kuondoa yote, kuondoa sehemu, au kuacha yalivyo, na kwamba yote matatu ni sawa kwake. Mama alitaka kwanza kusikia alichokuwa amesema. Kijana alimsomea maandishi polepole, akisimama kila aya.

Mwishowe mama aliamua kwamba yote yanayomhusu mtoto yaondolewe. Lakini sehemu ya jinsi alivyotoka kambini, akauza mboga, akapata kazi na kumsomesha binti yake aliyebaki, hiyo alitaka ibaki. "Hiyo niliifanya mwenyewe," alisema, "waisome." Kijana alifuta sauti yote mbele yake katika simu na katika kompyuta, akapasua kurasa za daftari, na akampigia mpiga chapa tukiwa tunasikia ili afute alichokuwa nacho. Ilibaki ile sehemu ya maandishi aliyoiruhusu, ikiwa na namba badala ya jina.

Mama alitazama vipande vya karatasi, kisha akamuuliza, "Na kichwani mwako?"

Kijana alinyamaza kitambo. "Hapo siwezi kufuta, mama," akajibu. "Lakini sitaisimulia."

Naona hilo lilikuwa jibu la kweli, na mama alilikubali.

Ahadi isiyoweza kutimizwa

Kuna mipaka mingine ambayo lazima isemwe mapema. Mtafiti asiahidi siri isiyo na mwisho. Yeye si wakili wako, na mahakama ikitoa amri anaweza kulazimika kuonyesha alicho nacho. Kwa hiyo, katika mji kama wetu ambako walioumizwa na walioumiza wanakutana kwenye soko moja, mtafiti mwangalifu humwambia mhojiwa, "Tafadhali usinitajie majina ya waliofanya." Jina ambalo halikurekodiwa haliwezi kuvuja. Ataje pia kwamba akiambiwa kuna mtoto anayeumizwa wakati huu, hatanyamaza.

Pia usichanganye utafiti na ushahidi wa mahakamani. Haki ya kujiondoa niliyoieleza ni ya mtu anayehojiwa na mtafiti. Shahidi wa kesi yuko mahali pengine. Katika kesi ya Hague iliyowahusu William Ruto na Joshua Sang, iliyoanza Septemba 2013 na kukomeshwa na majaji Aprili 2016, baadhi ya mashahidi hawakutaka tena kuendelea, na mwaka 2014 majaji walitoa amri ya kuitwa wanane kati yao. Basi mtu akija kwako kuuliza, jambo la kwanza la kujua ni kama anaandika kitabu au anakusanya ushahidi. Akisita kujibu, nawe sita.

Na isisahaulike siku inayofuata. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2007 kuhusu kuwahoji walionusurika ukatili wa kijinsia katika maeneo ya dharura, lilisema kwamba huduma ya msingi kwa wahojiwa iwe inapatikana kabla ya kuanza kuuliza lolote linaloweza kumfanya mtu afichue yaliyompata. Kwa sisi wa hapa mjini, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ina idara ya afya ya akili. Mtafiti aende huko kwanza, azungumze nao, ajue mtu anapokelewa siku gani na kwa gharama gani. Kumpa mhojiwa namba ya simu ambayo hujawahi kuipiga mwenyewe ni kumfukuza kwa heshima.

Mahojiano yenyewe yasikatwe penye kidonda. Dakika kumi za mwisho ziwe za mambo ya leo: watoto wanasoma wapi, jioni hii utapika nini, nani yuko nyumbani utakaporudi. Swali hilo la mwisho lina kazi yake. Akikwambia hakuna mtu, usiondoke upesi, na umpigie kesho yake asubuhi.

Kwa wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda nyanjani, hayo ndiyo niliyotaka uyabebe. Na kwa wewe mwenye nyumba, siku kijana mwenye faili atakapobisha langoni akitafuta "mtu aliyeyaona", usimwite aliye jikoni. Pokea karatasi, umpe mwenyewe akiwa peke yake, kisha usimuulize chochote. Jirani yangu nilizungumza naye hivyo hivyo, kwa jumla, bila ya kumtaja mtu. Alinyamaza, akasema hakulifikiria.

Mama ameanza kulala. Juzi alinipitia langoni, mvua ikiwa imeacha, akaniuliza kama makala yametoka gazetini. Nikamwambia Jumapili. "Zile sentensi mbili?" akauliza. Nikamwambia hazimo. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake sokoni.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.